SOMO LA 9: MWENZAKO KAZINI AMEFANYA KOSA KUBWA. UTAFANYA NINI?

Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kupanga majibu ya swali la hali ya kazini kuanzia lililo bora hadi lililo baya;
(b) kueleza sababu ya mpangilio wako kwa maneno machache;
(c) kubadili jibu lako pale mazingira ya swali yanapobadilika.

Swali la namna hii linapima nini?

Katika usaili wa kazi za karani, keshia, muuzaji au mtunza ghala, huenda ukasomewa kisa kifupi kisha ukaulizwa: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Wakati mwingine unapewa majibu manne uyapange, au uchague lililo bora na lililo baya kuliko yote. Wakati mwingine hupewi majibu. Unajieleza mbele ya wasaili.

Swali hili halina jibu la kukariri. Wanaolitunga huwauliza watu wenye uzoefu wa kazi hiyo jinsi wao wangeyapanga majibu, na mpangilio huo ndio unaotumika kusahihishia. Kwa hiyo kinachotakiwa si jibu la mtu mwema kuliko wote, bali jibu la mtu anayeijua kazi. Ukitaka kujibu vizuri lazima uelewe kazi inayotajwa inavyokwenda. Ndiyo maana katika somo hili tutachukua kazi moja tu, ya wakala wa pesa kwa simu, na tutaifuatilia hadi mwisho.

Kisa

Soma kisa hiki mara mbili kabla ya kuendelea.

*Umeajiriwa miezi miwili iliyopita katika duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Pembeni ya duka kuna meza ya wakala wa pesa kwa simu. Meza hiyo inahudumiwa na mwenzako aliyekutangulia kazini kwa miaka mitatu, ambaye wewe humwita dada. Ndiye aliyekufundisha kazi.*

*Saa 8:10 mchana, watu wakiwa wamejaa, mteja anaweka shilingi 85,000. Dada anapokea noti, anaandika namba ya simu, anaandika kiasi, anaingiza namba ya siri. Mteja anaondoka. Saa 8:25 dada anakuita pembeni huku mikono ikimtetemeka. Anakuonyesha ujumbe kwenye simu ya kazi: ameingiza shilingi 850,000. Anakuambia: "Mdogo wangu, naomba usimwambie bosi. Nitarudisha kidogo kidogo. Nikifukuzwa, watoto wangu watakula nini?"*

Majibu yaliyotolewa:

A. Unanyamaza, kwa kuwa kosa si lako na yeye ameahidi kurudisha.

B. Unamsaidia kumpigia mteja na huduma kwa wateja ya mtandao hapo hapo, kisha unamwambia kuwa bosi ni lazima ajulishwe sasa, ampigie yeye mwenyewe nawe ukiwa karibu.

C. Unampigia bosi mara moja na kumweleza, bila kumwambia dada.

D. Unachukua pesa za mauzo ya vitenge kwenye droo na kujaza pengo la meza ya wakala, ili hesabu ya jioni ikae sawa mpate muda wa kumtafuta mteja.

Hatua ya kwanza: Pima ukubwa wa kosa

Watahiniwa wengi hurukia kwenye huruma au kwenye adhabu kabla ya kujua kilichotokea. Anza na hesabu.

Wakala ana mtaji wa namna mbili: fedha taslimu iliyo mkononi, na floti, yaani salio lililo kwenye laini ya wakala. Mteja anapoweka pesa, taslimu inaongezeka na floti inapungua kwa kiasi kile kile. Anapotoa, mambo yanakwenda kinyume chake. Kwa hiyo, tukiacha kamisheni kando, jumla ya taslimu na floti haibadiliki siku nzima. Hiyo ndiyo kanuni ya kufunga hesabu jioni:

Taslimu + Floti = Mtaji

Tuseme kabla ya muamala huo meza ilikuwa na taslimu 1,200,000 na floti 2,300,000. Jumla ni 3,500,000. Baada ya muamala:

Taslimu: 1,200,000 + 85,000 = 1,285,000
Floti: 2,300,000 − 850,000 = 1,450,000
Jumla: 2,735,000

Pengo ni 3,500,000 − 2,735,000 = 765,000.

Hesabu hii inakuonyesha mambo mawili. Kwanza, kosa haliwezi kujificha, kwa sababu jioni jumla haitafika 3,500,000. Pili, pesa haijapotea bado. Iko kwenye akaunti ya mtu ambaye namba yake iko kwenye ujumbe wa muamala na pengine kwenye daftari la wateja.

Hatua ya pili: Uliza ni madhara gani bado yanaweza kuzuiwa

Hapa ndipo penye kiini cha somo lote. Swali la kwanza kichwani mwako lisiwe "Nani ana kosa?" Liwe "Ni kitu gani bado kinaweza kuokolewa, na kuna muda gani?"

Katika kisa hiki muda ni mfupi sana. Mteja aliyeondoka saa 8:10 anaweza kutoa pesa kwa wakala mwingine mtaa wa pili, au kumlipa mwenye mzigo. Pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti yake, mtandao una nafasi ya kuizuia wakati malalamiko yanashughulikiwa. Ikishatolewa taslimu, mtandao hauna cha kuzuia, na mnabaki kumtegemea mteja mwenyewe au kwenda polisi.

Kwa hiyo mnafanya hivi, na mnagawana kazi:

1. Mmoja anampigia mteja kwa lugha ya heshima: "Samahani kaka, tumekosea kiasi. Uliweka 85,000, zimeingia 850,000. Naomba usizitumie, urudi dukani au utusubiri hapo ulipo." Msimtishe. Mteja aliyetukanwa huzima simu.

2. Mwingine anapiga huduma kwa wateja ya mtandao, akiwa na mambo manne mkononi: namba ya muamala, saa, namba ya simu ya mteja, na kiasi kilichotumwa pamoja na kiasi kilichokusudiwa. Bila namba ya muamala mtazungushwa.

3. Ujumbe wa muamala haufutwi. Huo ndio ushahidi kwamba lilikuwa kosa la kidole wala si wizi.

4. Kosa linaandikwa kwenye daftari la siku hiyo hiyo, kwenye mstari wake, kwa kalamu ya wino.

Sasa angalia jambo ambalo watahiniwa wengi hawalioni. Laini ya wakala kwa kawaida imesajiliwa kwa mwenye biashara, si kwa mfanyakazi anayekaa mezani. Mtandao unaweza kutaka mwenye laini athibitishe malalamiko. Kwa hiyo kumjulisha bosi si kumchongea dada. Ni sehemu ya kuiokoa pesa yenyewe. Kila dakika bosi anapofichwa, nafasi ya kuirudisha 765,000 inapungua.

Hatua ya tatu: Nani aseme?

Wasaili wanajua kuwa hapa ndipo moyo wako unapovutwa pande mbili. Dada amekufundisha kazi, na ana watoto. Upande wa pili pesa ni ya mwenye duka. Jibu zuri halidharau upande wowote.

Njia inayokubalika kazini ni kumpa mwenye kosa nafasi ya kulisema mwenyewe, lakini nafasi yenye mpaka wa muda. Katika kisa hiki mpaka ni mara tu simu mbili za kwanza zinapomalizika, si jioni wala kesho. Unaweza kumwambia: "Dada, mpigie bosi sasa hivi, mimi nitakaa hapa. Ukieleza mwenyewe utaaminika zaidi. Ila asipojua kutoka kwako, itabidi ajue kutoka kwangu." Maneno haya hayamtishi, wala hayamdanganyi kuhusu utakachofanya.

Mwenye kosa akilisema mwenyewe anabaki mtu aliyekosea. Akilificha linaongezeka kosa la pili, la kukosa uaminifu, na hilo mara nyingi ni zito kuliko la kwanza. Sheria za kazi za Tanzania zinatofautisha mambo haya. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinataja udanganyifu mkubwa na uzembe uliokithiri miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi hata kwa mara ya kwanza. Kubonyeza sifuri moja zaidi katika msongamano wa watu si udanganyifu. Kufuta ujumbe na kuchana ukurasa wa daftari ni udanganyifu.

Na je, hofu ya dada kwamba atakatwa mshahara wote? Sheria hiyo, katika kifungu cha 28, inaweka masharti. Mwajiri akitaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyopigwa hesabu. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Tuseme mshahara wa dada ni 240,000 kwa mwezi. Robo yake ni 60,000. Hata kama pesa yote ingepotea na akakubali kulipa, 765,000 ÷ 60,000 ni 12.75, yaani makato ya miezi 13. Ni mzigo mzito, lakini unabebeka na una mwisho. Kinyume chake, "kurudisha kidogo kidogo" kwa siri kunamtaka azibe pengo la 765,000 kila jioni ili jumla ionekane kamili. Atakopa duka la jirani jioni na kurudisha asubuhi, au atatumia pesa za wateja wa leo kuziba pengo la jana. Siku jirani atakaposema hana, kosa la kidole litakuwa limegeuka kuwa wizi wa kuaminiwa.

Hatua ya nne: Panga majibu

*B ni la kwanza.* Linaokoa pesa, linamjulisha mwenye mali kwa wakati, na linamwachia mwenzako heshima ya kusema mwenyewe.

*C ni la pili.* Hapa wanafunzi hubishana. Wengine huliweka la mwisho kwa kuwa linaonekana la umbea. Lakini bosi anajua mapema na pesa bado inaweza kuokolewa. Upungufu wake ni kwamba linamruka dada ambaye ndiye mwenye ujumbe na kumbukumbu ya muamala, na linavunja imani kati yenu bila sababu.

*A ni la tatu.* Kunyamaza hakuongezi kosa jipya, lakini kunaacha muda upite. Bosi akija kujua kwamba ulijua tangu saa 8:25, hutaweza kusema "kosa si langu".

*D ni la mwisho.* Linaonekana la msaada, na ndiyo maana limewekwa kama mtego. Umechukua pesa ya mwenye duka bila ruhusa na umefanya vitabu viwili viseme uongo, cha mauzo na cha wakala. Sasa kuna makosa mawili na wahusika wawili, na mmoja wao ni wewe.

Mpangilio: B, C, A, D.

Jibu la mfano kwa usaili wa mdomo

Wasaili wakikuuliza bila kukupa majibu, jibu lako liwe la dakika moja au mbili, kwa nafsi ya kwanza, likifuata mtiririko wa kazi. Kwa mfano:

"Kwanza ningehakikisha tunampata mteja na kuwajulisha mtandao, kwa sababu pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Wakati huo ningemtuliza mwenzangu na kumwomba asifute ujumbe wowote. Baada ya simu hizo ningemwomba ampigie bosi mwenyewe papo hapo, nami ningekaa naye. Angekataa, ningemwambia wazi kuwa nitamjulisha bosi mimi, kisha ningefanya hivyo. Ningeeleza nilichokiona tu: saa, kiasi na hatua tulizochukua. Kuhusu adhabu, hilo ni la bosi kuamua. Mwisho, ningependekeza tuwe tunamsomea mteja kiasi kwa sauti kabla ya kuingiza namba ya siri."

Angalia sentensi ya mwisho. Haimlaumu mtu, inaziba tundu. Dada alikosea kwa sababu watu walijaa na hakuna aliyesoma kiasi mara ya pili. Angekaa mtu mwingine pale, kosa lile lile lingetokea. Msaili mzoefu husubiri sentensi kama hiyo.

Mazingira yakibadilika

Msaili anaweza kukuuliza swali la nyongeza ili aone kama umekariri. Haya matatu hujitokeza sana.

*Bosi hapatikani.* Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo husafiri kufuata mzigo nje ya nchi. Bosi akiwa ndani ya ndege, mjulishe anayemwakilisha, na umtumie bosi ujumbe wa maandishi wenye saa na kiasi, ili akiwasha simu aukute. Usiseme "ningesubiri arudi".

*Si mara ya kwanza.* Ukigundua kuwa makosa kama haya yametokea mara kadhaa, na kila mara pesa inaingia kwenye namba ile ile, hiyo haifanani tena na bahati mbaya. Hapa jibu C linapanda kuwa la kwanza. Ukimjulisha mwenzako kabla ya bosi unaweza kumpa nafasi ya kuharibu ushahidi. Hata hivyo, eleza ulichokiona, usimwite mtu mwizi.

*Kosa linagusa uhai.* Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wakiwa wamefunikwa na kifusi. Sasa fikiria swali hili: wewe ni kibarua kwenye ujenzi, na mwenzako ameondoa nguzo za kushikilia zege kabla ya muda, kisha anakuomba unyamaze. Hapa hakuna mpaka wa muda wa kumpa. Unawatoa watu chini ya zege, unamwita msimamizi, na maelezo yanafuata baadaye. Pesa inaweza kusubiri dakika kumi za heshima, uhai hausubiri.

Makosa ya watahiniwa

1. Kuandika "ningemshauri asirudie tena" na kuishia hapo. Ushauri haurudishi 765,000. Msahihishaji ataona hukuelewa kuwa muda unapita.

2. Kuahidi kulipa wewe. "Ningemchangia nusu" linaonekana la utu, lakini bado bosi hajui na hesabu bado ni ya uongo. Mchango unaweza kuja baada ya taarifa, usichukue nafasi yake.

3. Kujifanya huna huruma. Ukisema "kazi ni kazi, ningemripoti afukuzwe", wasaili watajiuliza kama wewe utakapokosea utasema au utaficha.

ZOEZI

1. Meza ya wakala ina taslimu 900,000 na floti 1,600,000. Mteja anaweka 60,000, mwenzako anaingiza 600,000.
(a) Tafuta taslimu, floti na pengo baada ya muamala.
(b) Mshahara wa mwenzako ni 280,000. Kama pesa yote itapotea na akakubali kwa maandishi kuilipa, itachukua angalau miezi mingapi?

2. Wewe ni karani wa ghala Gerezani. Mwenzako amepakia katoni 40 za mafuta ya kula kwenye lori la mteja asiye wake. Lori limeondoka dakika 10 zilizopita kuelekea Mbagala. Andika hatua tatu za kwanza kwa mpangilio, na sababu ya kila moja.

3. Katika kisa cha Mtaa wa Kongo, mteja amepigiwa simu, amerudi dukani na amerudisha pesa yote saa 9:00. Dada anasema: "Basi yameisha, hakuna haja ya bosi kujua." Je, unakubali? Jadili.

MWONGOZO WA MAJIBU

1. (a) Taslimu 960,000, floti 1,000,000, jumla 1,960,000. Mtaji ulikuwa 2,500,000, hivyo pengo ni 540,000. (b) Robo ya 280,000 ni 70,000. 540,000 ÷ 70,000 = 7.7, hivyo miezi 8.

2. Kwanza, mpigie dereva asimame, kwa kuwa mzigo ukishashushwa na kuuzwa ni vigumu kuurudisha. Pili, mwenzako amjulishe msimamizi wa ghala papo hapo nawe ukiwepo, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kulirudisha lori. Tatu, andikeni kosa kwenye hati ya mzigo na kumjulisha mteja aliyekosa mali yake, ili asisubiri mzigo usiokuja.

3. Hapana. Muamala wa kukosea na wa kurudisha vyote viko kwenye kumbukumbu za laini, na bosi akiviona bila maelezo atashuku. Tena tundu lililosababisha kosa bado liko wazi. Lakini hapa haraka imepungua: dada anaweza kueleza mwenyewe wakati wa hesabu ya jioni, kwa utulivu. Mtahiniwa anayeona tofauti hiyo ya muda apewe alama zote.